Sauti Inafuata Nini? Kusoma Hiace Iliyotumika Barabarani Kabla ya Kulipa

Julai iliyopita kijana mmoja wa Uyole, jijini Mbeya, aliniomba nimsindikize kwenda kuangalia Toyota Hiace ya dizeli aliyotaka kuinunua ili aanze biashara ya kubeba abiria. Lilikuwa gari la umbo la zamani, lile lililotangulia umbo lililoingia sokoni mwaka 2004, lenye injini ya lita tatu iitwayo 5L na gia tano za mkono. Tulikuwa tumemwomba muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Tulipofika saa moja asubuhi niliweka kiganja juu ya mpira wa juu wa rejeta na kuukuta una joto, ilhali baridi ya Mbeya mwezi huo inatosha kuupoza mpira kama huo usiku mmoja. Muuzaji alisema alilisogeza gari kidogo tu. Nilimwambia kijana kwamba siku hiyo hatuna cha kupima, na tukarudi kesho yake.

Naanza na tukio hilo kwa sababu kosa kubwa ninaloliona kwa wanunuzi wa magari ya abiria yaliyotumika haliko kwenye masikio wala macho yao. Wengi husikia vizuri kwamba gari linalia, na huona vizuri kwamba linatoa moshi. Kinachowapotea ni kujua gari lilikuwa katika hali gani wakati dalili ilipotokea: injini ilikuwa baridi au moto, gari lilikuwa tupu au lina mzigo, mguu ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachia, barabara ilikuwa imenyooka au ina kona. Moshi uleule wa bluu ukionekana katika hali mbili tofauti huelekeza kwenye magonjwa mawili tofauti, na gharama ya moja yaweza kuwa mara kumi ya lingine. Kwa hiyo majaribio ya barabarani ni kazi ya kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha kuuliza: dalili imebadilika pamoja nalo, au imebaki vilevile?

Siku ya pili mpira wa rejeta ulikuwa baridi. Kabla ya kuwasha, nilifungua kifuniko cha rejeta, jambo ambalo halifanywi kamwe injini ikiwa na moto, nikaangalia rangi ya maji na kuhakikisha hakuna utando wa oili juu yake. Kisha nikarudisha kifuniko na kumwomba kijana awashe wakati mimi nimesimama nyuma, pembeni mwa bomba la ekzosi.

Injini ya dizeli ikiwashwa asubuhi ya baridi hutoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli inayochoma macho. Hiyo ni dizeli ambayo haikupata joto la kutosha kuungua. Ukipungua ndani ya dakika moja au mbili na injini ikatulia, hakuna la kuhofia sana, na mara nyingi tatizo lake ni plagi za kupasha joto, zile ambazo mafundi wengi tunaziita hita. Mweupe wa pili ni ule unaobaki baada ya injini kupata joto, ambao hauna harufu ya dizeli na wakati mwingine una harufu tamutamu. Huo ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya silinda kupitia gasketi au ufa wa silinda hedi. Ukitaka kuutofautisha na mvuke wa kawaida wa asubuhi bila kubishana na mtu, shika tena mpira wa juu wa rejeta katika dakika ya kwanza ya kuwasha. Mpira ukijaa na kuwa mgumu wakati bado ni baridi, shinikizo hilo haliwezi kuwa limetokana na joto, bali ni gesi ya mwako inayopenya kutoka kwenye silinda kuingia kwenye njia za maji. Gari la namna hiyo litachemsha kwenye mlima wa kwanza likiwa na abiria.

Hiace yetu ilitoa moshi mweupe wa dizeli kwa muda usiozidi dakika moja na mpira ukabaki laini, na hapo nikaridhika kuhusu hedi kwa kiwango ambacho mtu anaweza kuridhika bila kufungua injini.

Moshi mweusi haukunishtua, ingawa kijana aliushtukia sana nilipokanyaga mafuta mara moja kwa nguvu. Mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Injini ya 5L haina tabo, kwa hiyo huvuta hewa kama ilivyo mahali ilipo, na Mbeya mjini pako takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 hadi 20 kuliko Dar es Salaam. Injini iliyorekebishwa pampu yake pwani, ikiletwa huku juu bila kuguswa, itatoa moshi mweusi kiasi hata ikiwa nzima. Kilicho muhimu ni kama unatoka kidogo wakati wa kukanyaga tu na kukatika, au unatoka mfululizo kama wa kuchoma matairi. Ukiwa wa mfululizo, angalia kichujio cha hewa kwanza, kisha ushuku nozeli au pampu iliyofunguliwa makusudi ili gari livute kwa nguvu zaidi.

Bluu ndiyo rangi ya kuiogopa, kwa sababu ni oili inayoungua, na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi hulichanganya. Watu wengi wamefundishwa kipimo cha kushuka mteremko mrefu ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kisha kukanyaga ghafla na kutazama kioo cha nyuma: likitoka wingu la bluu, wanasema sili za valvu zimekwisha. Kipimo hicho ni sahihi kwa injini ya petroli, ambayo ina mlango wa hewa unaofungwa ukiachia mguu, hivyo mvuto mkali ndani ya injini hufyonza oili kupitia kwenye shina la valvu. Dizeli kama 5L haina mvuto huo kwa sababu njia yake ya hewa iko wazi wakati wote. Ukiitumia njia hiyo kwa dizeli unaweza kushuka mteremko, usione kitu, na ukaondoka ukiamini kwamba injini ni nzima.

Kwa dizeli mimi hutumia vipimo viwili. Cha kwanza ni kuiacha injini yenye moto ikiunguruma polepole kwa dakika kama kumi, kisha kukanyaga mafuta kwa ghafla. Wingu moja la bluu linalotoka na kukatika lamaanisha oili ilikuwa ikidondoka taratibu kupitia kwenye valvu na kujikusanya. Cha pili ni kupanda mlima gari likiwa na mzigo, katika gia ya tatu, mguu ukiwa umekanyaga. Bluu isiyokatika wakati injini inafanya kazi ngumu huelekeza kwenye ringi na silinda, na huo ndio ugonjwa unaomaliza faida ya mwaka mzima, kwa sababu dawa yake ni kufungua injini yote.

Ndiyo maana niling'ang'ania mzigo. Hiace tupu ni gari jepesi kwa injini ya lita tatu, na injini iliyochoka hupanda mlima nayo bila kulalamika. Kijana alikuwa na mifuko kumi na miwili ya saruji ya kupeleka kwa shemeji yake Isyonje, na mfuko una kilo 50, kwa hiyo tungekuwa na kilo 600, sawa na abiria tisa au kumi. Lakini sipakii mzigo gari ambalo sijui breki zake, basi vipimo vya pedeli vilifanywa kwanza, uani.

Kipimo cha breki kina hatua tatu na huchukua chini ya dakika tano. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara nne au tano mpaka iwe ngumu, kisha endelea kuikanyaga na uwashe injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako, kwa kuwa busta imepata mvuto na imeanza kukusaidia. Isipozama, busta au mpira wake umetoboka, au pampu ya mvuto haifanyi kazi. Katika injini hizi za dizeli pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta na hulainishwa kwa oili ya injini, hivyo alteneta ikibadilishwa ovyo, breki nazo huathirika. Kuna pampu iliyochoka ambayo hupita kipimo hicho cha kwanza, na hujidhihirisha ukikanyaga mara tatu au nne kwa kufuatana injini ikiunguruma polepole: mara ya kwanza pedeli ni laini, mara ya tatu imekuwa jiwe. Kwenye foleni ya mteremkoni, hiyo mara ya tatu ndiyo inayogonga gari la mbele.

Hatua ya pili ni kukanyaga kwa nguvu ya wastani na kutulia hapo kwa nusu dakika. Pedeli inayozama taratibu kama mguu unaoingia kwenye tope, wakati hakuna mafuta ya breki yanayovuja popote, ina mipira ya masta silinda iliyokwisha, na mafuta yanarudi ndani kwa ndani. Hatua ya tatu ni kulinganisha mkanyago wa kwanza na wa pili. Mkanyago wa kwanza ukienda chini sana na wa pili ukapanda juu, mara nyingi viatu vya breki za nyuma viko mbali na ngoma na vinahitaji kukazwa tu. Ikiwa mikanyago yote ina hisia ya kukanyaga sponji, kuna hewa kwenye mabomba. Watu huziweka hisia hizi zote ndani ya neno moja, "breki laini", na ndipo hushindwa kujua kama wanazungumzia kazi ya dakika ishirini au ya kununua masta silinda mpya.

Breki za gari letu zilipita hatua zote tatu. Nilipoinama nyuma, hata hivyo, nilikuta springi zimeongezwa jani moja kila upande, kama wanavyofanya wengi ili gari lisibonyee likijaa. Hiace ina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli: bodi ikishuka kwa uzito, fimbo husukumwa na valvu hutoa nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Ukiongeza majani, bodi haishuki tena kama zamani, na valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa watu. Breki za mbele hubeba kazi yote, pedi zake huisha haraka, na diski hupata joto hadi kupinda. Niliandika jambo hilo kwenye karatasi, kwa sababu lilikuwa na uhusiano na kitu nilichotarajia kukihisi barabarani.

Klachi nayo huanzia uani. Weka gia nyutro, injini ikiwa inaunguruma, mguu ukiwa mbali na pedeli, na usikilize. Mngurumo unaotoweka ukikanyaga klachi unatoka kwenye beringi ya shafti inayoingia gia boksi, kwa kuwa ukikanyaga shafti hiyo husimama. Mlio unaozaliwa ukikanyaga na kufa ukiachia ni wa beringi ya klachi yenyewe. Tofauti ya gharama ni kubwa, ingawa zote mbili zahitaji gia boksi ishushwe. Halafu ingiza gia ya kurudi nyuma polepole. Ikisaga wakati pedeli imefika chini kabisa, klachi haiachani vizuri. Kuteleza kwa klachi hakupimwi hapo. Hupimwa barabarani, kwenye gia ya nne, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kwa kukanyaga mafuta mpaka mwisho: mlio wa injini ukipanda na mwendo wa gari usipande nao, sahani imekwisha.

Tulipakia saruji na kushika barabara ya Tukuyu, ambayo kutoka Uyole hupanda mfululizo kuelekea Isyonje. Kabla mlima haujawa mkali kuna sehemu zilizonyooka, na hapo ndipo niliposikiliza.

Karibu kila sauti mbovu ya gari ina bwana wake, na mabwana hao ni wanne. Ipo inayofuata mzunguko wa injini, inayofuata mwendo wa magurudumu, inayofuata mguu wa dereva, na inayofuata kona. Kazi yako ni kuwatenga. Gari likiwa limesimama, piga resi. Sauti ikitokea hapo, ni ya injini au vitu vinavyozungushwa nayo, na huna haja ya kuitafuta chini ya gari. Kisha, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa mahali tambarare pasipo na gari nyuma, toa gia uiweke nyutro kwa sekunde chache bila kuzima injini. Mlio wa injini utashuka. Sauti ikishuka nao, umemjua bwana wake. Ikibaki vilevile na kupungua tu kadiri gari linavyopunguza mwendo, inatoka kwenye tairi, beringi za magurudumu, propela au difu.

Difu hutii mguu. Hulia kwa sauti nyembamba ya kuimba ukikanyaga mafuta na kubadilika au kunyamaza ukiachia, kwa kuwa meno yake hugusana kwa upande mmoja yanaposukumwa na kwa upande mwingine yanaposukuma. Beringi ya gurudumu haijali mguu, ila hujali kona: ukikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto, na beringi mbovu ya kushoto huongeza sauti, ukikata kushoto, hupungua. Gia boksi ina alama yake ya pekee katika magari haya ya gia tano. Gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuzigawa kwenye shafti ya chini, hivyo gia boksi inayonguruma kwenye ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ikatulia kwenye ya nne, ina beringi mbovu kwenye shafti hiyo. Mgongano mmoja mzito unaosikika chini ya sakafu kila unapoachia klachi au kubadilisha kutoka kuachia mafuta kwenda kukanyaga, mara nyingi ni misalaba ya propela.

Hiace yetu ilikuwa na mvumo mmoja tu, ulioanza kwenye kilomita 45 na kukua hadi 70. Uani haukuwapo. Kwenye nyutro haukubadilika. Mguu haukuuathiri. Kwenye kona za kulia niliona kama umeongezeka kidogo, nami nikaandika: beringi ya mbele kushoto. Nilikuwa na uhakika kiasi cha kumwambia kijana, na nilikosea, kama nitakavyoeleza.

Usukani tuliupima tuliposimama Isyonje, kwa sababu nilikuwa nimeuhisi njiani ukinidai marekebisho madogomadogo bila kukoma. Katika Tanzania tunaendesha kushoto, na barabara huinamia pembeni ili maji yatiririke, hivyo gari kuvutwa kidogo kuelekea kushoto ukilegeza mikono si ugonjwa. Ugonjwa ni gari linalotangatanga huku na huku, au linalovutwa upande uleule hata katikati ya barabara isiyoinama. Nilipokanyaga breki kwa nguvu kwenye kilomita 60 usukani ulitetemeka mikononi, jambo lililokwenda sawasawa na ile hoja ya majani ya springi na diski za mbele kupata joto. Mtetemo unaokuja bila breki, kwenye kilomita 80 au 90, na kupotea ukizidi hapo, ungekuwa wa tairi zisizosawazishwa uzito, na huo hauna haja ya kumnyima mtu usingizi.

Kupima mchezo wa usukani, ule tunaouita pleyi, elekeza magurudumu mbele na uache injini iungurume ili usaidizi wa stelingi ufanye kazi, maana ukipima injini ikiwa imezimwa utapata jibu la uongo. Bandika kipande cha utepe kwenye ukingo wa usukani, weka rula mbele yake, kisha sogeza kushoto na kulia kwa kidole kimoja mpaka uone gurudumu linataka kuanza kugeuka. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa magari mengi huweka kikomo cha milimita 30 kwenye ukingo. Tulipata 50.

Namba hiyo peke yake haimwambii mnunuzi anunue au aache, kwa kuwa pleyi ni jumla ya ulegevu wa viungo vingi, na unachotaka kujua ni kiungo gani kimechangia kiasi gani. Nilimweka kijana kwenye usukani autikise taratibu, nami nikalala chini nikiweka vidole juu ya kila kiungo, nikianzia juu na kwenda mbele. Shafti ya usukani ilifuata mkono wake bila kuchelewa. Boksi lilifuata. Kwenye tairodi ya nje ya kushoto, fimbo ilisogea na mkono wa gurudumu ukachelewa, na vidole vyangu vilihisi mgongano mdogo wa chuma ndani ya mpira wake. Ya kulia ilikuwa na ulegevu kidogo. Tulipopiga jeki mbele kushoto, nilishika tairi kwa mikono juu na chini na kulitikisa. Halikucheza, kwa hiyo bolijointi na beringi vilikuwa imara. Niliposhika kushoto na kulia, lilicheza, na hiyo ilithibitisha tairodi.

Hapo ndipo maandishi yangu ya mwanzo yalipoanza kunitia shaka. Ikiwa beringi ya mbele kushoto haikucheza, mvumo ule ulitoka wapi? Nililizungusha gurudumu kwa mkono nikiwa nimeshika mkono wa gurudumu, njia ambayo hupitisha mkwaruzo wa beringi moja kwa moja hadi vidoleni, na lilizunguka laini. Kisha nikapitisha kiganja juu ya tairi, kutoka mbele kwenda nyuma, halafu kinyume chake. Upande mmoja lilikuwa laini na upande mwingine lilikwaruza kama msumeno. Tairodi iliyolegea ilikuwa imeliacha gurudumu likimbie kiupandeupande kwa miezi mingi, na meno ya tairi yalikuwa yamelika kwa mshazari. Tairi la hivyo huvuma kama beringi. Tulibadilishana matairi ya mbele na ya nyuma hapohapo, na katika safari ya kurudi mvumo ulihamia nyuma ya viti. Kasoro mbili kwenye karatasi yangu zilikuwa kasoro moja, na beringi ambayo kijana angeinunua bure iliondoka kwenye orodha.

Kilichobaki kilikuwa kile tulichokiona wakati wa kupanda. Katika mlima wa mwisho kabla ya Isyonje, gia ya tatu, mafuta yamekanyagwa, nilimwomba muuzaji aliyekaa karibu nami asitishe mazungumzo yake, kwa maana alikuwa akizungumza kila sauti ilipotokea, nami nikatazama kioo. Moshi ulikuwa wa bluu iliyofifia, hafifu kiasi kwamba gari tupu lisingeutoa, lakini haukukatika hata mara moja kwa karibu kilomita nzima. Tulipofika juu nilifungua kifuniko cha kujazia oili wakati injini inaunguruma. Injini yoyote hupumua kidogo hapo. Hii ilipumua kwa mapigo, na kifuniko nilichokiweka juu ya tundu bila kukikaza kilirukaruka na kutaka kuanguka. Gesi ya mwako ilikuwa ikipita kando ya pistoni na kuingia kwenye chumba cha oili. Moshi pekee ungeniacha na shaka kati ya valvu na ringi. Moshi wa mlimani pamoja na mapigo ya kifuniko haukuacha.

Nataka kuweka mpaka wa jambo hili wazi kwa wanaonunua Hiace mpya zaidi zenye injini za 1KD na 2KD. Hizo zina tabo, na bluu inaweza kutoka kwenye sili za tabo bila ringi kuwa na kosa. Tena, nozeli zake zinaweza kuvujisha gesi ya mwako kupitia gasketi ndogo za shaba zilizo chini yake, na masizi yakaingia kwenye oili hadi kuziba chujio la kufyonzea oili chini ya injini. Kwa hizo, kifuniko kinachopuliza ni sababu ya kuchunguza nozeli kwanza, na kama taa ya oili inachelewa kuzimika baada ya kuwasha, gari lisiendeshwe tena mpaka sampu ifunguliwe.

Nilimpa kijana karatasi yenye mambo matatu kwa mpangilio wa uzito: injini inahitaji kufunguliwa, springi zirudishwe kama zilivyokuwa na diski za mbele zikaguliwe, tairodi mbili zibadilishwe na gari lipimwe magurudumu. Alimwambia muuzaji, "Mzee, gari nimelipenda, lakini nitalipia kwa bei inayohesabu injini." Mzee alikataa, tukaagana kwa heshima. Baada ya siku tisa alipiga simu mwenyewe.

Tulipofungua injini, ringi za silinda ya tatu zilikuwa zimeganda kwenye nafasi zake, na juu ya silinda hiyo kulikuwa na ukingo ulionasa ukucha wangu nilipoupitisha. Nyingine tatu zilikuwa na uchakavu wa kawaida. Tairodi mpya zilipofungwa na magurudumu kupimwa, rula ilisoma milimita 18 kwenye ukingo wa usukani. Yale matairi mawili yenye meno ya msumeno tuliyaacha nyuma yaendelee kuvuma mpaka yaishe.